Rekodi Nne Kati ya Sitini na Moja

Mdogo wangu aliniuliza swali moja tu, na mimi nikamjibu huku natafuna. Ndiyo maana mpaka leo mtu akiniuliza jambo la kazi wakati wa chakula namkata kauli. Wananiita mkali. Na waniite.

Ilikuwa Jumapili, kwa mama. Mdogo wangu huyu kila mtu anamwita Timazi, kama ile kamba ya fundi ya kupimia ukuta, kwa sababu tangu akiwa fundi mwanafunzi alikuwa hawezi kuona ukuta umepinda akanyamaza. Sasa ni msimamizi wa zege kwenye jengo la mabweni ya wanafunzi, ghorofa tisa. Kumwaga sakafu ya juu ni kazi yake, na siku ya kutoa ile miti inayoishikilia kwa chini mpaka ikomae, yeye ndiye anayeingia wa kwanza. Hamtumi mtu. Anasema hawezi kumwambia mtoto wa mwenzake apite mahali ambapo yeye mwenyewe hajapita.

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, ina alama za saruji. Niliitambua mara moja. Ulikuwa mti wangu, ule mchoro wa maswali wa kubashiri nguvu ya zege.

"Dada Desimali," akaanza, maana hilo ndilo jina alilonipachika, "hebu nieleweshe. Nikichanganya maji na saruji kwa uwiano wa nukta hamsini, nafika kwenye jani hili, ishirini na nne nukta tatu. Nikichanganya kwa nukta hamsini na sita, nafika wapi?"

"Hapohapo," nikamwambia.

"Yaani ni mamoja?"

"Kwa mti, ni mamoja. Nipitishie chumvi."

Akacheka, akaikunja karatasi yake. Mama akatugombeza kwa kuleta makaratasi mezani, tukaendelea kula.

Sasa nieleze mti wenyewe ulitoka wapi, nisije nikaonekana niliuokota barabarani. Mimi ni mtakwimu wa maabara ya kupima zege. Kila jengo likimwaga zege, wanalijaza kwenye vyuma vyenye umbo la mchemraba, wanatuletea zile tofali ndogo za zege, tunazilaza kwenye tangi la maji, na siku ya kumi na nne tunaziponda kwa mashine tuone zimebeba mzigo kiasi gani kabla ya kupasuka. Kipimo chake ni megapaskali, na wastani wa tofali tatu za sakafu moja ndiyo rekodi moja. Ikifika ishirini, jengo linaruhusiwa kutoa miti chini ya sakafu. Isipofika, wanasubiri. Kazi rahisi, haina longolongo. Mpaka mashine ilipokufa.

Mashine ni moja, majengo ni kumi na moja. Kipuri kiliagizwa mbali, na kila wiki tukaambiwa kiko njiani. Majengo yakaanza kutupigia simu asubuhi mpaka jioni. Ndipo Mkuu wa maabara akaniita ofisini akasema, "Wewe una rekodi mia nne na kumi na mbili za miaka yote. Zege hilohilo, saruji hiyohiyo. Huwezi kutubashiria?"

Naweza. Ndiyo kazi niliyosomea. Nikachukua rekodi mia tatu za kufundishia, nikaziweka kando mia moja na kumi na mbili za kujaribia, nikatengeneza vitu viwili.

Cha kwanza kilikuwa mstari, rigresheni ya mstari tuliyofundishwa wote. Unauambia uwiano wa maji kwa saruji, kilo za saruji na joto la mchana, nao unajumlisha na kutoa. Wangu ulisema kila ukiongeza maji kwa sehemu moja ya mia, nguvu inashuka kwa nukta sita tano. Haulali. Tone likiongezeka, jibu linashuka. Huo ndio uzuri wake, na ubaya wake uko hapohapo, maana unaamini kwamba kilicho kweli katikati ni kweli kila mahali. Zege kavu mno, la 0.36, mstari ulilibashiria thelathini na mbili. Tofali zenyewe zilipopondwa zamani zilitoa ishirini na moja, kwa sababu zege kavu halishikamani, linabaki na matundu ndani. Mstari haujui matundu. Kwake yeye, maji yakipungua nguvu inapanda, basi.

Cha pili kilikuwa mti wa rigresheni. Huo haujumlishi kitu, unauliza maswali. Maji ni chini ya 0.48? Saruji inafika kilo mia tatu na thelathini? Joto limefika nyuzi kumi na nane? Kila jibu linakupeleka tawi lake, mpaka unafika kwenye jani, na kwenye jani unapewa wastani wa rekodi zote za zamani zilizoangukia hapo. Wenyewe uligundua lile la zege kavu bila kuambiwa, ukalitengea jani lake chini ya 0.38. Uligundua pia kwamba siku za baridi ni habari nyingine kabisa. Nikaujaribu kwenye zile rekodi mia na kumi na mbili. Mstari ulikosea kwa wastani wa nne nukta moja. Mti ulikosea kwa mbili nukta tisa.

Kwenye kikao nilisimama nikausifia mti kama mchumba. Nikaonyesha ule ubashiri wa thelathini na mbili, watu wakaucheka mstari wangu mpaka mhandisi mmoja akafuta machozi. Na mti una faida nyingine: fundi anausoma kwa kidole, hahitaji kikokotoo wala mimi. Wakaupenda papo hapo. Ukapigwa muhuri, ukachapishwa, ukabandikwa kwenye ofisi za majengo yote kumi na moja.

Mimi si mzembe. Nilijua mti hauwezi kusema lolote kuhusu kitu ambacho haujawahi kukiona, kwa hiyo chini ya karatasi nikaandika kwa herufi nzito: usitumike kwa maji zaidi ya 0.57. Hiyo ndiyo ilikuwa rekodi yangu yenye maji mengi kuliko zote. Nilijiona mwerevu kweli siku hiyo.

Wiki kama tano baada ya ile Jumapili, nilikuwa napanga fomu za mwezi. Kila jengo likimwaga zege linatuletea fomu, nami naandika ubashiri na kutia saini, moja moja, bila kuzilinganisha. Nikaona 0.55. Nikaona 0.56. Nikafungua ya jengo jingine, 0.57. Nyingine, 0.56. Zamani fomu hizo zilikuwa 0.50, 0.49, 0.51, mwaka mzima. Nikazitandaza zote mezani.

Walikuwa hawajaiba kitu. Zege lenye maji ni jepesi, linateleza kwenye bomba, halichoshi mikono. Zamani walikuwa wanatia dawa ya kulilainisha, na walikuwa wanaogopa maji. Sasa wana karatasi yenye muhuri inayosema jibu ni lilelile mpaka 0.57. Ile tahadhari yangu wakaisoma kama ruhusa. Ningekuwa mimi, pengine ningeisoma hivyohivyo.

Nikafungua lile jani. Maji 0.48 kwenda juu, saruji ya kutosha, hali ya joto. Rekodi sitini na moja, wastani ishirini na nne nukta tatu. Nikaangalia moja moja, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kikao, najua, msinikumbushe. Hamsini na saba zilikuwa zimejazana kwenye 0.49 mpaka 0.52, wastani wake ishirini na nne nukta saba. Zilizobaki, zenye maji kuanzia 0.55, zilikuwa nne. Kumi na saba nukta mbili. Kumi na nane nukta nne. Kumi na tisa nukta moja. Kumi na tisa nukta saba. Hakuna hata moja iliyofika ishirini.

Rekodi nne zilikuwa zinapiga kelele ndani ya jani, na hamsini na saba zimezifunika. Kwa nini mti haukuzitengea jani lao? Kwa sababu nilizuia mimi. Nilipoutengeneza niliweka sharti kwamba jani lisiwe na rekodi chini ya kumi. Sharti hilo ni la busara, mtakwimu yeyote angeweka, maana ukiuacha mti ukatengeneza majani ya rekodi mbili tatu unaanza kukariri bahati badala ya kujifunza. Na kumi ni kumi. Nne hazikufika.

Nikaurudia mstari, ule uliochekwa. Kwa zege la 0.56, siku ya joto, ulisema kumi na tisa nukta mbili.

Fomu iliyokuwa juu ya meza yangu ilikuwa ya jengo la mabweni, sakafu ya tatu. Maji 0.56. Msimamizi: sahihi ya Timazi, ile yenye mkia mrefu. Ubashiri 24.3, saini yangu. Siku ya kumi na nne ilikuwa Jumamosi. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Nikaingia kwa Mkuu bila kugonga. Ni mtu mzima mpole, anasikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo linalonichoma, kwamba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sasa unataka tutumie mstari?" akauliza.

"Kwa zege hili, ndiyo."

"Mstari unakosea kwa nne nukta moja. Wewe ndiye uliyetuambia."

"Nilipima kwa zege la zamani, Mkuu! Kwenye zile mia na kumi na mbili hakuna hata rekodi moja ya 0.56. Mti umepewa sifa kwa maswali ambayo sasa hakuna anayeyauliza."

"Na mstari wenyewe unakupa kumi na tisa nukta mbili. Ukiongeza kosa lake unafika ishirini na tatu. Ukitoa unafika kumi na tano. Nisimamishe jengo kwa hilo?"

Alikuwa sahihi, jamani. Hapo ndipo nilipotaka kupiga meza. Alikuwa sahihi kwa hesabu zangu mwenyewe.

Nikamwambia basi nilegeze sharti. Nikakaa hapohapo ofisini kwake, nikauendesha mti upya nikiruhusu jani la rekodi nne. Ukalitenga lile kundi, lo, kama nilivyotaka: kumi na nane nukta sita. Lakini kwingine ukaota majani ya ajabu. Ukasema zege lenye kilo mia tatu arobaini na moja mpaka mia tatu arobaini na nne za saruji ni imara kuliko la mia tatu hamsini, kwa sababu tu rekodi nne za namna hiyo ziliwahi kutoka vizuri. Nikaujaribu kwenye rekodi za kando. Kosa likapanda mpaka tatu nukta saba.

Mkuu akaitazama skrini, akanitazama mimi. "Unauharibu mti mzima ili upate jani moja," akasema taratibu.

"Basi niweke mstari mdogo ndani ya lile jani peke yake. Inawezekana. Nipe siku mbili."

"Tutaliweka kwenye mapitio ya mwaka. Muhuri umeshapigwa, siwezi kubadilisha kwa rekodi nne, na saini yako ibaki ilipo. Niletee tofali iliyopondwa."

Tofali iliyopondwa! Zilikuwa chumba cha pili, kwenye tangi, tatu za sakafu ile, zimeandikwa tarehe kwa rangi nyekundu. Nilikwenda nikasimama pale. Jibu lote lilikuwa limelala ndani ya maji mbele yangu, na sikuwa na kitu cha kuliulizia. Maabara nyingine yenye mashine iko mji mwingine, na tofali hazitoki bila barua, na barua inachukua siku tano. Niliuliza. Niliuliza mara mbili.

Alhamisi nikachukua nyundo ya kupimia, kile kichuma unachokigonga kwenye zege kikakuonyesha limekuwa gumu kiasi gani, nikaenda kwenye jengo. Mhandisi wa pale ni mwanamke mdogo kwangu kwa umri, ana adabu zake, alinipa kofia ya kazi na chai. Nikapita chini ya sakafu, katikati ya ile miti iliyosimama safu kwa safu, nikagonga mahali ishirini. Ikanipa kumi na saba, ishirini na tano, ishirini, kumi na nane, ishirini na tatu, hivyohivyo mpaka mwisho.

"Wastani?" Mhandisi akauliza.

"Ishirini nukta tano," nikasema, na nilitamani kuudanganya ulimwengu.

"Basi imefika, dada yangu."

"Nyundo hii inakisia tu. Inasoma ngozi, haijui ndani."

"Nakuelewa. Lakini nina karatasi yako yenye saini inayosema ishirini na nne, na nyundo yako inayosema ishirini. Miti hii inatakiwa juu, tunaanza kufunga sakafu ya nne Jumatatu. Unaiondoa saini yako?"

"Nimekataliwa kuiondoa."

"Sasa unataka mimi nifanye nini?" akauliza, na hakuwa ananikebehi. Alikuwa anauliza kweli. Nikamrudishia kofia yake.

Nikamkuta Timazi nyuma ya jengo, anaosha koleo. Nikamweleza yote, jani, zile nne, zile hamsini na saba, sharti la kumi. Si msomi wa takwimu lakini alielewa haraka kuliko Mkuu.

"Kwa hiyo zile za zamani zilikuwa zege kavukavu," akasema, "na mimi nimepewa maksi zao."

"Ndiyo."

"Ebo! Dada, lakini nilikuuliza. Mezani kwa mama. Nikakuuliza, ni mamoja?"

"Nilisema kwa mti ni mamoja."

"Sasa mimi nilijuaje kwamba kuna mti halafu kuna zege?"

Hakuwa na hasira. Bora angekuwa nayo, mimi na hasira tunaelewana. Nikaanza kumfuta saruji begani kama alipokuwa mtoto.

"Usiingie Jumamosi," nikamwambia. "Jifanye unaumwa."

"Nikiumwa ataingia mwingine. Wale vijana wana watoto, dada. Na nikimwambia Mhandisi sitoi, kesho analetwa msimamizi mwingine asiyejua hata haya uliyoniambia." Akalikung'uta koleo. "Nitatoa mmoja mmoja. Naanzia katikati, natoka nje kuelekea nguzoni, na nikisikia chochote naacha. Mama usimwambie."

Mama sikumwambia. Alinipigia simu Ijumaa jioni kuuliza kama Timazi anakuja kula Jumapili, nikasema anakuja, nikakata simu haraka.

Jumamosi asubuhi nilisimama nje ya uzio wa utepe, pamoja na Mhandisi. Sakafu ilikuwa na miti arobaini na nane. Timazi akavua saa yake akampa kijana wa nje, akaingia na nyundo ya mbao. Akapiga kabari ya mti wa kwanza, ule wa katikati. Ukalegea. Akaulaza chini, akasimama, akatega sikio. Akapiga wa pili.

Mimi nilihesabu. Sina jambo jingine ninalolijua duniani. Katika kila mti uliolala nilijaribu kukumbuka zile rekodi nne zilikuwa za nani, nani aliwahi kusimama chini ya lile zege la kumi na saba nukta mbili, na kama alitoka. Kwenye rekodi hakuna safu ya hilo. Mti wa kumi na tisa ulipotoka sakafu ilitoa mlio, mfupi, kama mlango unaokwama. Timazi akaganda. Mhandisi akanishika mkono bila kujua. Tukasubiri. Hakuna kilichofuata. Akaendelea.

Wa arobaini na nane ulilala saa tano kasorobo. Timazi akatoka kwenye jua, amejaa vumbi, akaniangalia, akacheka meno yote nje.

"Umeona?" akapaza sauti ili vijana wasikie. "Mti wa dada yangu hausemi uongo!"

Wakapiga makofi. Jamani, walinipigia makofi. Nikaketi juu ya rundo la kokoto. Juu yao, kwenye sakafu, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na Mhandisi alikuwa tayari ameuandika kwenye daftari lake kwamba ni wa kawaida.

Kipuri kilikuja Jumatatu. Fundi wa mashine alimaliza saa nane mchana. Kulikuwa na foleni ya tofali za wiki na wiki, majengo kumi na moja yote, na kwa utaratibu tunaanza na za zamani. Utaratibu niliupiga teke. Nikazitoa tatu za Timazi kwenye tangi, nikazifuta, nikaziponda moja moja nikiwa peke yangu. Kumi na nane nukta tatu. Kumi na nane nukta nane. Kumi na tisa nukta tatu. Wastani, kumi na nane nukta nane, tena zikiwa na siku kumi na sita, siku mbili zaidi za kukomaa.

Nikampelekea Mkuu karatasi. Nakiri kulikuwa na furaha mbaya ndani yangu. Aliomba tofali iliyopondwa, hii hapa.

Akaisoma, akavua miwani. "Mashine haijarekebishwa vipimo bado. Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi. Mpaka hapo namba hizi hazina cheti."

"Basi ziingie kama rekodi tu. Nizifundishie mti."

"Rekodi zetu ni za siku ya kumi na nne," akasema. "Hizi ni za kumi na sita. Ukizichanganya unauvuruga mti. Unajua hilo kuliko mimi."

Najua hilo kuliko yeye. Nikaichukua karatasi yangu, nikatoka. Kwa hiyo rekodi zikabaki nne.

Jioni ile nikampigia Timazi, nikamsomea zile namba tatu. Nyuma yake nilisikia misumari inagongwa.

"Sakafu ya nne mwage kwa nukta hamsini," nikamwambia. "Nakuomba. Mimi ndiye ninayekuomba."

"Haiko mikononi mwangu tena, dada. Juu huko zege linapanda kwa bomba, likiwa kavu linaziba. Mhandisi ameshaiandika kwenye karatasi ya mchanganyiko, nukta hamsini na sita, jengo zima. Ameambatanisha na mti wako." Akahema. "Lakini si ulisema ukipata rekodi za kutosha mti utajifunza wenyewe? Kwamba utalitenga jani?"

"Nilisema."

"Zinahitajika ngapi?"

"Kumi. Ziko nne."

"Bado sita, basi." Nikasikia anahesabu kwa sauti ndogo, kama tulivyokuwa tunahesabu ngazi za nyumbani tukiwa watoto: ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa. Akafika mwisho, akacheka kidogo. "Dada Desimali, umeona? Na mimi zimenibakia sakafu sita."